Lori halijafika, mizani imelala: je, hapo tuko kazini?

*"Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la korosho hapa Mtwara, mshahara 390,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki. Tunatakiwa kuwa ndani ya geti saa moja asubuhi, lakini bosi anaandika saa za kazi kuanzia lori la kwanza linapopanda mizani. Siku lori lisipokuja kabisa anakata 15,000. Halafu kabla ya msimu tulifanyishwa mafunzo wiki mbili, tukamaliza tarehe 11 Oktoba, na hatukulipwa hata senti. Kwani kusubiri na kufundishwa si kazi?" (Dada wa mizani, Mtwara)*

Dada yangu, kwa habari ya kusubiri sina wasiwasi: saa ulizokaa ndani ya geti ukingoja lori ni saa za kazi, na yale makato ya 15,000 hayana mguu wa kusimamia. Mafunzo yanataka maelezo marefu kidogo, kwa sababu wiki yenu ya kwanza na ile ya pili hazifanani mbele ya sheria. Ya pili ina nguvu sana. Ya kwanza itabishaniwa, ingawa kwa maoni yangu nayo unastahili kuidai.

Tuanze na kusubiri. Sheria inayokuhusu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na namba za vifungu nitakazotaja ni za sheria hiyo kama ilivyotungwa. Kifungu cha 19 kinaweka mipaka: saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku 6 kwa wiki. Zinazozidi hapo ni saa za ziada, zifanyike kwa makubaliano tu, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Hata ukichanganya za kawaida na za ziada, siku moja haitakiwi kuvuka saa 12.

Bosi wako ataniuliza: wapi imeandikwa kwamba kukaa kwenye benchi ni kazi? Kweli, sheria haikutoa orodha ya vitendo vinavyohesabika. Lakini soma kifungu cha 23, kile cha mapumziko, uone kinavyofikiri. Kinasema mfanyakazi aliyefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano apewe mapumziko ya angalau dakika 60, na mwajiri halazimiki kuyalipia. Kisha kinaweka sharti: asipoyalipia, basi mfanyakazi asitakiwe kufanya kazi wala kutakiwa awepo tayari kwa kazi katika muda huo. Akitakiwa awepo tayari, muda unalipwa.

Hapo ndipo dai lako linaposimama. Ikiwa hata saa ya chakula, ambayo kwa kawaida ni yako, inageuka ya kulipwa kwa sababu tu umeambiwa usiondoke huenda lori likaingia, basi saa nne za asubuhi ulizokaa na kalamu mkononi, geti limefungwa, haziwezi kuwa na thamani ndogo kuliko saa ya chakula. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 30 wa mwaka 1930, unaohusu saa za kazi katika biashara na ofisi, nao unaeleza hivyohivyo: saa za kazi ni muda ambao mfanyakazi yuko chini ya mamlaka ya mwajiri, na mapumziko ambayo hayuko chini ya mamlaka hayo hayahesabiwi. Sikuletei mkataba huo kama amri inayombana bosi wako. Nakuletea kwa sababu ndivyo watu wa fani hii wanavyolitazama jambo lenyewe.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: katika muda ule, ungeweza kwenda zako? Ungeweza kuteremka mpaka sokoni ukanunue samaki, ukapeleka mtoto zahanati, ukalala kwako? Kama bosi angetangaza saa moja na nusu asubuhi, "Malori yamekwama njiani, nendeni nyumbani, rudini saa tano," na kweli geti likafunguliwa, muda ule ungekuwa wako na nisingekushauri uudai. Vivyo hivyo kwa anayekaa nyumbani na simu yake, anaendelea na shughuli zake mpaka aitwe. Kwake hesabu huanza anapoitwa, isipokuwa masharti ya kuitwa yawe yamembana kiasi kwamba hawezi kufanya lolote. Lakini ninyi mliambiwa msitoke. Lori kuchelewa Tandahimba au Newala ni hatari ya biashara ya mwenye ghala. Si wewe uliyepanga ratiba ya malori.

Nilikuomba unitumie wiki moja kama ilivyokuwa, nawe ukanitumia picha za daftari lako. Tuipitie, maana ndani ya wiki hiyo kuna kila kitu.

Jumatatu uliingia saa moja asubuhi. Lori la kwanza lilipanda mizani saa tano. Mlifunga saa mbili usiku. Chakula ulikula palepale kwenye kibanda cha mizani, kwa kuwa msimamizi alikataza mtu kutoka. Bosi ameandika saa 9, kuanzia saa tano mpaka saa mbili usiku. Mimi nahesabu saa 13: kuanzia kuingia mpaka kutoka, bila kupunguza saa ya chakula, kwa sababu hukuachiwa saa hiyo. Na kumbuka kikomo cha saa 12. Siku hiyo, mbali na malipo, mwajiri alivuka mpaka wa sheria wenyewe.

Jumanne halikuja lori hata moja. Mlikaa mpaka saa kumi jioni, ila siku hiyo mlitoka saa nzima kwenda kula kwa mama ntilie nje ya geti, hivyo saa hiyo naitoa. Zinabaki 8. Bosi ameandika sifuri na kukata 15,000.

Kuanzia Jumatano mpaka Jumamosi malori yalifuatana tangu asubuhi. Saa moja mpaka saa kumi na moja jioni, mkiwa na saa moja ya chakula ya kweli, ni saa 9 kila siku, jumla 36. Siku hizi nne bosi na wewe hamna ugomvi.

Daftari la bosi linatoa 9, sifuri na 36, yaani 45 kamili. Unaona kwa nini hakuna saa ya ziada kwenye karatasi yako ya mshahara? Ukihesabu kwa haki ni 13, 8 na 36, jumla 57. Ukitoa 45 za kawaida, saa 12 ni za ziada.

Thamani ya saa moja tunaipata kwa jedwali la kwanza la sheria hiyohiyo. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 mara saa za kawaida za wiki. Kwako ni 4.333 mara 45, karibu 195, hivyo 390,000 kugawanya kwa 195 ni shilingi 2,000 kwa saa. Saa ya ziada ni 3,000. Saa 12 ni 36,000. Ongeza zile 15,000 alizokata Jumanne, wiki moja tu imekupunja 51,000.

Bosi anaweza kukupinga kwenye ile saa ya chakula ya Jumatatu, aseme hakuna aliyekatazwa. Akishinda hapo, unapoteza 3,000 tu na dai linabaki 48,000. Nakueleza hili ili usitupe nguvu zako zote kwenye saa moja ya ugali ukaacha zile nne za asubuhi.

Kuhusu makato yenyewe, kifungu cha 28 kimefunga mlango. Mwajiri hukata mshahara pale sheria inaporuhusu au pale ulipokubali kwa maandishi juu ya deni. "Hakukuwa na lori" haimo humo. Wewe umeajiriwa kwa mwezi, ulifika, ulikuwa tayari. Yeye ndiye aliyekosa kazi ya kukupa.

Msimamizi anaweza kukuletea hoja nyingine, kwamba mlisaini mkataba wa kufanya kazi saa 12 bila malipo ya ziada. Upo utaratibu kama huo, kifungu cha 21, lakini unataka makubaliano ya maandishi na hauruhusu zaidi ya siku tano kwa wiki. Ninyi mnafanya sita, kwa hiyo haumfai. Upo pia utaratibu wa kulinganisha saa kwa wastani, wiki nzito zifidiwe na wiki nyepesi, ambao kwa kweli ungeufaa sana msimu wa korosho. Lakini huo unahitaji makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi. Bosi hawezi kuutangaza peke yake kwenye ubao.

Sasa mafunzo. Umeniambia mlikuwa siku 12, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri, mkiwa na saa moja ya chakula: saa 6 kwa siku. Wiki ya kwanza mlikaa ukumbini mkifundishwa kusoma mizani, kupima unyevu, kukata korosho za sampuli ili kuona ubora, na kujaza stakabadhi. Wiki ya pili mlishushwa ghalani, mkapima mizigo ya kweli, na tiketi za mizani zikatoka zikiwa na sahihi zenu.

Wiki ya pili haina utata. Ulifanya kazi ambayo mwenye ghala aliitegemea. Wakulima walipokea stakabadhi kwa vipimo ulivyovipima wewe. Kuiita mafunzo hakubadilishi kilichofanyika. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema anayemfanyia mwingine kazi huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata mkataba umeandikwa kwa jina gani, ikiwa walau moja ya dalili zilizotajwa ipo. Miongoni mwake: namna anavyofanya kazi inaongozwa na mtu mwingine, saa zake zinaongozwa na mtu mwingine, anapewa vifaa vya kazi. Zote tatu zilikuwepo. Kwa hiyo hata kama mkataba wako wa maandishi unasema umeanza tarehe 13 Oktoba, ajira yako ilianza kabla yake. Saa 36 mara 2,000 ni 72,000.

Wiki ya kwanza bosi atasema: hamkunizalishia chochote, niliwapa ujuzi bure, na sikuwa nimewaajiri bado. Hoja hii ina uzito kiasi, na mwamuzi anaweza kuikubali, hasa ikiwa wengine mliofundishwa nao walichujwa mwishoni. Kundi la watu 20 wanaofundishwa ili wachaguliwe 8 linafanana zaidi na usaili mrefu. Lakini kama wewe ulikwishaambiwa umepata kazi, ukapewa tarehe, ukaambiwa usipohudhuria nafasi inakwenda kwa mwingine, na kilichofundishwa ni mizani yao, fomu zao na utaratibu wa ghala lao, basi walishakushika muda wako kwa faida yao. Hapo naona 72,000 nyingine ni zako. Tafuta ule ujumbe wa WhatsApp uliokuita kwenye mafunzo. Kama umeandikwa "wafuatao mmechaguliwa," umeshika kitu kikubwa. Kama umeandikwa "mnaitwa kwa mafunzo na usaili," punguza matumaini ya wiki ya kwanza, lakini ya pili usiiachie.

Marekani wana kanuni inayosaidia kupima jambo hili. Kwao mafunzo hayahesabiwi kuwa saa za kazi endapo mambo manne yametimia yote kwa pamoja: yamefanyika nje ya saa za kazi, kuhudhuria ni hiari ya kweli, hayahusiani moja kwa moja na kazi ya mtu, na hakuna kazi nyingine inayofanyika wakati huo. Likikosekana moja, yanahesabiwa. Mwamuzi wa Mtwara hafungwi na kanuni hiyo, na usiipeleke kama sheria yetu. Lakini ukiyauliza maswali hayo manne juu ya yale mafunzo ya usalama ya Jumamosi uliyoyagusia mwishoni, saa nzima baada ya kufunga, huku mahudhurio yakisainiwa na asiyekuja akipewa onyo, utaona mwenyewe jibu linakwenda wapi. Hiyo ni saa ya ziada. Tofauti yake ni kozi ya kompyuta uliyojiandikisha mwenyewe jioni, ambayo bosi hakukutuma na hakukulazimisha. Hiyo ni yako.

Wanafunzi wa VETA au wa vyuo waliopelekwa ghalani kwa barua ya chuo kufanya mazoezi wana utaratibu wao. Usiwachanganye na dai lako, wala usikubali bosi akuchanganye nao.

Ushahidi. Kuna vitu viwili vya kuvitafuta kabla ya vyote, na vyote viko mikononi mwa mwajiri: kitabu cha mlinzi getini na tiketi za mizani. Kitabu cha mlinzi kinaonyesha jina lako, saa uliyoingia na saa uliyotoka. Tiketi ya kwanza ya siku inaonyesha saa lori lilipopanda mizani. Weka viwili hivyo pamoja kwa siku moja: kitabu kinasema saa moja na dakika tano, tiketi inasema saa tano na dakika kumi na mbili. Tofauti ya katikati ndiyo kusubiri kwako, imeandikwa na watu wa ghala wenyewe. Huna haja ya kuchukua nyaraka hizo wala kuzipiga picha kwa siri. Mpaka hatua ya mgogoro ifike, wewe andika tarehe na saa kwenye daftari lako kila siku, na uandike namba ya lori la kwanza ili baadaye tiketi yake iitwe. Daftari lililoandikwa siku kwa siku lina uzito kuliko kumbukumbu ya miezi miwili iliyoandikwa usiku mmoja.

Na kama mwajiri hana mkataba wa maandishi wala maelezo ya ajira yanayoonyesha saa zako, hilo linamwelemea yeye. Kifungu cha 15 kinasema akishindwa kuyatoa kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa wake.

Namna ya kwenda: anza na barua kwa mwajiri, fupi, yenye tarehe, saa na shilingi. Usipojibiwa, nenda kwa afisa kazi wa mkoa. Ana mamlaka ya kuingia sehemu ya kazi, kukagua kumbukumbu na kutoa amri ya utekelezaji, na mara nyingi kile kitabu cha mlinzi hufunguliwa haraka akiulizia yeye. Lakini usiache siku zikapita ukimsubiri, kwa sababu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ina kikomo. Dai la namna hii lipelekwe ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozaliwa, kwa fomu CMA F.1, na nakala apewe mwajiri. Kwa mafunzo, unaweza kusema mgogoro ulizaliwa siku ya mshahara, tarehe 31 Oktoba, uliposhindwa kulipwa. Siku 60 zinaishia 30 Desemba. Bosi atasema ulizaliwa mafunzo yalipokwisha, tarehe 11 Oktoba; hapo zinaishia 10 Desemba. Peleka kabla ya tarehe 10 Desemba na ubishi huo hautakuhusu. Ukichelewa utalazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za maana, na "sikujua" haipokelewi kirahisi.

Ukifika pale mtaanza kwa usuluhishi. Msuluhishi hatoi hukumu, anawakutanisha. Hapo ndipo wiki ya kwanza ya mafunzo inaweza kuwa kitu cha kulegeza ili upate kusubiri na makato yote bila vuta nikuvute. Ikishindikana, shauri linakwenda kwa mwamuzi.

Lipo jambo moja linalonitia hofu kwa ajili yako, na ni lazima nikwambie. Hujafikisha miezi sita kazini. Kinga ya kuachishwa isivyo haki katika sheria hii haimhusu mwenye ajira ya chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja. Mshahara wako na saa zako za ziada unavidai tangu siku ya kwanza, ila bosi akikuondoa kesho, njia ya kupinga kuondolewa kwenyewe ni nyembamba mno. Kwa sababu hiyo sikushauri uingie ofisini peke yako. Umeniandikia kwamba makarani mko sita na nyote mlikatwa Jumanne ile. Andikeni barua moja, msaini sita, kila mmoja na hesabu yake mwenyewe kwenye jedwali, maana saa zenu hazilingani. Kama kuna tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, karibu, mwombeni kiongozi wake aipeleke. Bosi huweza kumwondoa karani mmoja katikati ya msimu. Sita kwa mpigo, malori yakiwa barabarani, hilo ataliwaza mara mbili.

Barua hiyo pelekeni nakala mbili, na mtu wa mapokezi agonge muhuri na kuandika tarehe kwenye nakala mtakayobaki nayo. Akikataa kupokea, itumeni kwa barua pepe ya ofisi siku hiyohiyo, mkiandika jina la aliyekataa na saa aliyokataa.